Chora Hiyo Hesabu Kabla Hujaikariri

Kama unafanya CPA ama diploma ya uhasibu, toa daftari lako sasa hivi. Ukurasa wa kwanza pengine una maana ya uhasibu na aina za biashara. Wiki ya pili ni debiti na krediti. Halafu zinafuata leja, benki, uchakavu wa mali, madeni mabovu, na mahali fulani karibu na mtihani mwalimu anafungua faida na hasara na mizania. Sasa nijibu bila kuchungulia: kodi ya duka uliyoandika wiki ya pili inafikaje kwa ile karatasi ya wiki ya kumi na mbili? Inapita wapi na inashukia wapi?

Mimi sikuwa na jibu. Nilikaa kampasi miaka miwili, nikaanguka karatasi ya uhasibu wa fedha mara mbili, karo ikaisha, nikarudi mtaani. Mwalimu wetu hakuwa mbaya. Alifundisha kila mada vizuri, kila wiki na mada yake. Shida ni kwamba tulipewa vituo bila kuonyeshwa barabara. Ni kama kumfundisha mgeni Makadara, Hamza, Donholm na Umoja kila moja siku yake, halafu umuulize atatokaje tauni kufika Umoja.

Msimamo wangu ni huu: kila kozi ya uhasibu ianze na mchoro mmoja wa njia yote, na kila lekcha ipachikwe hapo ndani siku inapofundishwa. Na kama mwalimu wako hafanyi hivyo, fanya mwenyewe wikendi hii. Haina gharama. Mimi nilitumia mgongo wa kalenda ya zamani na biro tatu za rangi tofauti, na nilichora nikiwa nimeshaacha chuo, kwa sababu ya duka la anti yangu.

Anti anauza viatu vya mtumba Umoja. Anachagua Gikomba asubuhi mapema, anavisafisha, anavipanga. Alifungua mwanzo wa mwezi wa sita. Mwisho wa mwezi akaniita, uso umeanguka.

"We kijana, wewe si ulisomea hizi vitu? Niliingia na elfu sitini. Leo nimehesabu ya mkebe na ya M-Pesa, nimepata ishirini na saba. Nimepoteza thelathini na tatu mwezi mmoja. Kuna mtu anataka kununua rafu zangu, nimwambie akuje?"

Hiyo ndiyo hesabu watu wengi mtaani hufanya: pesa niliyoanza nayo, toa pesa niliyonayo. Ningemjibu vile nilijibu mtihani angeuza rafu siku hiyo hiyo. Nikamwambia anipe hadi jioni, nikaomba meseji zake zote za M-Pesa na kile kidaftari cha madeni.

Anza upande wa kushoto wa karatasi. Hapo unachora ushahidi: risiti, ankara, meseji ya M-Pesa, hata kile kikaratasi cha jirani aliyekopa kiatu. Bila ushahidi hakuna kinachoingia kwenye mchoro. Mshale wa kwanza unaenda kwa daftari la siku, ambapo unaandika tukio kwa mpangilio wa tarehe. Kutoka hapo kila tukio linagawanyika mishale miwili, na hapa ndipo watu hupotea.

Chora masanduku matano. Mali, yaani vitu na pesa za biashara pamoja na wanaokudai... ngoja, hapo hata mimi huteleza: wale unaowadai wewe. Madeni, yaani wale wanaokudai. Mtaji, yaani kile biashara inachodaiwa na mwenyewe, pesa aliyoweka. Mapato. Gharama. Sasa weka Mali na Gharama upande mmoja, na yale mengine matatu upande wa pili.

Chuoni tuliimba kwamba debiti huongeza mali na gharama, krediti huongeza madeni, mtaji na mapato. Tuliimba tu. Siku nachora ndiyo niliona sababu. Debiti inajibu swali moja: pesa iko wapi, ama ilienda wapi? Iko kwa rafu, iko kwa mkebe, ilienda kwa kodi. Krediti inajibu: ilitoka wapi? Kwa mfuko wa anti, kwa yule aliyemkopesha viatu, kwa wateja. Kila shilingi ina mahali ilipotoka na mahali ilipo, kwa hivyo kila tukio lina mishale miwili yenye kiasi kilekile. Mfumo huu si wa jana. Padri mmoja Mwitaliano, Luca Pacioli, aliueleza kwenye kitabu kilichochapishwa Venisi mwaka 1494, na hata yeye alikuwa anaandika tu vile wafanyabiashara wa huko walikuwa wanafanya tayari.

Kama umewahi kuchanganyikiwa kwa sababu benki inakuambia wame-"kredit" akaunti yako pesa ikiingia, ilhali mwalimu anasema pesa ikiingia ni debiti, usijilaumu. Benki inaongea kutoka kwa vitabu vyake. Pesa yako kwake ni deni, na deni likiongezeka ni krediti. Wewe unaiona kama mali. Ni shilingi ileile, imechorwa kwa karatasi mbili tofauti.

Haya, turudi kwa anti. Nimeacha zile senti za kutoa pesa ili nisikuchoshe. Aliweka 60,000: mshale mmoja kwa pesa, mwingine kwa mtaji. Alinunua rafu za vyuma za 24,000 kwa pesa taslimu: rafu zimeongezeka, pesa imepungua, na zote ziko ndani ya sanduku la Mali. Alinunua viatu vya 30,000 taslimu, halafu vingine vya 10,000 kwa mkopo kutoka kwa mama mmoja wa Gikomba anayemwamini. Jumla ya manunuzi 40,000, na deni la 10,000.

Aliuza viatu vya 38,000 taslimu, na vya 6,000 kwa watu wa ploti watakaolipa "mwisho wa mwezi", ile ya Nairobi ambayo haisemi ni mwezi gani. Mauzo yote 44,000. Mwenye duka alitaka kodi ya miezi miwili mara moja, wa sita na wa saba, 12,000. Na anti mwenyewe alitoa 5,000 kwa mkebe akanunua unga, gesi na vitu vya nyumba.

Fuata pesa peke yake: 60,000, toa 24,000, toa 30,000, ongeza 38,000, toa 12,000, toa 5,000. Inabaki 27,000. Hesabu yake ya mkebe ilikuwa sawa kabisa. Ni swali lake ndilo halikuwa sawa.

Kila mshale ukishafika kwa akaunti yake ndani ya leja, unajumlisha kila akaunti na kuzipanga kwa orodha mbili. Hiyo ndiyo urari, ile chuoni tuliita traio balansi. Upande wa debiti: pesa 27,000, rafu 24,000, manunuzi 40,000, wanaodaiwa 6,000, kodi 12,000, na zile 5,000 alizochukua mwenyewe. Jumla 114,000. Upande wa krediti: mtaji 60,000, deni la Gikomba 10,000, mauzo 44,000. Jumla 114,000. Zimelingana.

Kwenye mchoro wangu urari uko katikati ya karatasi, na ni Donholm. Kila kitu kinafika hapo, halafu barabara inagawanyika. Rangi ndiyo inakuambia gari linaenda wapi. Mapato na gharama nilichora kwa nyekundu, na zote zinapinda juu kuingia faida na hasara. Mali, madeni na mtaji nilichora kwa bluu, na zinapinda chini kuingia mizania. Hakuna akaunti inayoingia kotekote kutoka kwa urari. Kila mstari wa urari una mahali pamoja tu pa kushukia. Ukijua hivyo, lile swali la alama ishirini la "tayarisha taarifa za fedha" linakuwa kazi ya kupanga magari kwa stendi.

Lakini kabla hujapinda, kuna watu wanapanda hapo Donholm ambao hawakuwa kwa urari. Hawa ndio walinimaliza kwenye mtihani, mara zote mbili. Ni yale maelezo madogo chini ya swali: bidhaa zilizobaki zina thamani kadhaa, kodi imelipwa mbele, mlinzi hajalipwa, rafu zinachakaa. Chuoni kila moja ilikuwa lekcha yake, wiki tofauti, kurasa kibao za noti. Kwenye mchoro zote zina umbo moja: sanduku dogo lenye mishale miwili, mmoja unaenda juu kwa faida na hasara, mwingine unaenda chini kwa mizania. Kwa sababu hazikuwa kwa urari, lazima ziguse pande mbili. Ukigusa moja tu, mizania haitalingana, na tofauti itakuwa kiasi kilekile ulichosahau.

Angalia za anti. Mwisho wa mwezi tulihesabu viatu vilivyobaki, kwa bei aliyonunulia, tukapata 14,000. Juu, 14,000 inatolewa kwa manunuzi, kwa sababu kiatu ambacho hakijauzwa si gharama ya mwezi huu. Chini, 14,000 inaingia kama mali, kwa sababu viko pale kwa rafu, unaweza kuvishika. Kodi ya mwezi wa saba, 6,000, juu inapunguza gharama ya kodi ibaki 6,000. Chini inakuwa mali: ana haki ya kukaa kwa hilo duka mwezi mzima bila kulipa. Mlinzi wa ile safu ya maduka anadai 1,000 ya mwezi wa sita: juu ni gharama, chini ni deni. Na rafu, tukakadiria zitatumika miaka miwili kisha ziwe chuma chakavu kisicho na bei. 24,000 kwa miezi 24 ni 1,000 kwa mwezi. Juu ni gharama ya uchakavu, chini thamani ya rafu inashuka hadi 23,000.

Uchakavu ndio mada iliyonila kichwa zaidi chuoni, kwa sababu nilikuwa nauliza hiyo elfu moja imeenda wapi. Haijaenda popote mwezi huu. Pesa ilitoka siku rafu ziliponunuliwa. Mshale wa uchakavu haugusi sanduku la pesa hata kidogo, na ukiuchora utaona kwa macho.

Sasa juu: mauzo 44,000. Manunuzi 40,000 toa viatu vilivyobaki 14,000, gharama ya viatu vilivyouzwa ni 26,000. Faida ghafi 18,000. Toa kodi 6,000, mlinzi 1,000, uchakavu 1,000. Faida halisi 10,000.

Anti hakuwa amepoteza thelathini na tatu. Alikuwa ametengeneza kumi.

Hakuniamini, na alikuwa na haki, kwa sababu kumi yenyewe iko wapi? Hapa ndipo mshale muhimu kuliko yote unaingia. Kwenye mchoro nimeuchora mnene, kwa biro ya kijani, kutoka mstari wa mwisho wa faida na hasara kushuka hadi sanduku la mtaji kwenye mizania. Ni huo mmoja tu unaounganisha zile karatasi mbili. Faida ni ya mwenye biashara, kwa hivyo inaongeza kile biashara inachodaiwa naye. Zile 5,000 za unga na gesi hazipiti juu kabisa. Zinaenda moja kwa moja kwa mtaji, zikiupunguza. Nimeona wenzangu wakiziandika kama gharama, na mimi nilikuwa mmoja wao. Unga wa nyumbani hauuzi viatu.

Mizania basi. Mali: rafu 23,000, viatu 14,000, wanaodaiwa 6,000, kodi iliyolipwa mbele 6,000, pesa 27,000. Jumla 76,000. Upande wa pili: deni la Gikomba 10,000, mlinzi 1,000, na mtaji 60,000 ongeza faida 10,000 toa 5,000, ambao ni 65,000. Jumla 76,000.

Nilimwekea kidole hapo kwa mali. Pesa yake haikupotea, ilibadilisha sura. Ingine imesimama ukutani kama rafu, ingine imepangwa juu yake kama viatu, ingine iko kwa miguu ya watu wa ploti, ingine iko kwa mwenye duka ikisubiri Julai. Akaangalia kalenda muda mrefu. Halafu akasema, "Kwa hivyo nisiuze rafu."

Nilimwambia pia yale ambayo kumi haisemi, kwa sababu mchoro huu ukiusoma nusu utakudanganya vizuri sana. Kwanza, hawezi kula hiyo 10,000. Ana pesa 27,000 lakini 11,000 ni za watu. Pili, zile 6,000 za ploti zimo ndani ya mauzo. Zisipolipwa, faida inashuka hadi 4,000, na sanduku la wanaodaiwa linakuwa tupu. Tatu, hakuna mahali tumeandika mshahara wake. Ameamka alfajiri mwezi mzima, na hiyo kazi haina mshale. Nne, viatu vilivyobaki: kanuni ya kimataifa namba 2 ya uhasibu inasema bidhaa ziandikwe kwa bei ya kununulia ama kile utapata ukiziuza baada ya gharama za kuuza, yoyote iliyo ndogo. Kulikuwa na buti alizonunua kwa 3,000 jumla ambazo hakuna aliyeziuliza. Kama zitaondoka kwa 1,000 tu, viatu vilivyobaki ni 12,000, na faida ni 8,000. Hiyo namba tulikubaliana tuitazame tena baada ya wiki mbili.

Sasa wewe mwanafunzi, sikia hapa. Nataka nikuonyeshe kosa ambalo hakuna jumla itakuambia. Tuseme ningeandika rafu za 24,000 kama manunuzi, kwa sababu zote ni "vitu alivyonunua". Urari ungesoma bado 114,000 pande zote, kwa kuwa debiti imebaki debiti. Lakini nyekundu imechukua mahali pa bluu. Manunuzi yanakuwa 64,000, toa 14,000, viatu vilivyouzwa vimegharimu 50,000, na mauzo ni 44,000. Tayari uko chini 6,000. Toa kodi na mlinzi, unapata hasara ya 13,000. Ukishuka kwa mizania, mali ni 53,000 bila rafu, na upande wa pili madeni 11,000 na mtaji uliopungua hadi 42,000, jumla 53,000. Kila kitu kimelingana, na kila kitu ni uongo. Anti angeuza rafu, tena na karatasi yangu mkononi kama ushahidi.

Kulinganisha kunakuambia tu kwamba kila mshale una pacha wake. Hakukuambii kama umefika sanduku sahihi. Njia ya kugundua ni kuuliza swali moja kwa kila debiti: mwezi ukiisha, hiki kitu bado kipo? Kama kipo, ni bluu. Kama kimeisha, ni nyekundu. Kama kimeisha nusu, kama ile kodi, kigawe.

Na usipolingana, usianze kufuta ovyo. Chukua tofauti. Igawe kwa mbili uone kama kuna kiasi hicho mahali. Kama ningeweka zile 5,000 za anti upande wa krediti kwa bahati mbaya, debiti ingekuwa 109,000 na krediti 119,000, tofauti 10,000. Nusu yake ni 5,000, na mhalifu amepatikana. Kama tofauti inagawika kwa tisa bila kubaki kitu, tafuta tarakimu zilizobadilishana viti. Kodi ya 12,000 ukiiandika 21,000 inaleta tofauti ya 9,000. Haimaanishi kila tofauti ya tisa ni hiyo, lakini hapo ndipo pa kuanza kuchungulia.

Baada ya duka la anti nilirudi kwa noti zangu za zamani na kufanya kitu ambacho ningefanya nikiwa darasani. Nilisoma kila lekcha nikiuliza maswali mawili tu: inapokea nini, na inatoa nini kwenda wapi? Kurasa kumi na nne za uchakavu zikawa sanduku moja na mishale miwili, na njia mbili za kukokotoa zimeandikwa ndani kwa herufi ndogo. Madeni mabovu hivyo hivyo. Usifute kurasa zako, utahitaji yale maelezo ya ndani. Mchoro unakuambia yanakaa wapi.

Zoezi hilo lilinifunulia kitu kingine. Kuna lekcha ambazo hazina mshale wa kwenda mbele. Kulinganisha vitabu na taarifa ya benki, kwa mfano, na zile akaunti za udhibiti wa wadaiwa na wadai. Nilihangaika nikitafuta zinaingia wapi kwa mizania hadi nikaelewa kwamba hizo si barabara. Ni kizuizi cha polisi kando ya barabara. Zinasimamisha sanduku la pesa na kuliuliza, "Hii namba yako inalingana na ya benki?" Zikipata kosa, ndiyo marekebisho yanarudi kwa leja na kuendelea na safari. Nimezichora pembeni kwa mistari ya nukta nukta. Hapo peke yake kulinilipa muda wote.

Majina yasikutishe pia. Mizania ina jina jingine rasmi kwenye kanuni za kimataifa tangu 2009, taarifa ya hali ya kifedha, na kutoka Januari 2027 kanuni mpya ya IFRS 18 inabadilisha mpangilio wa ndani wa taarifa ya faida na hasara. Wengine wanaona hapo ni kuanza upya. Kwenye mchoro ni kubandika lebo mpya kwa sanduku la zamani na kupanga upya mistari ndani yake. Mishale ya kuingia haijahama.

Najua pingamizi, kwa sababu nimeshaipata kutoka kwa binamu yangu anayekaa mtihani wa kasneb Desemba. "Kwa mtihani hawaulizi mchoro." Kweli. Na mchoro haukufundishi kasi, na kasi unaipata kwa kufanya maswali ya zamani ukiwa na saa. Pia ukifika kwenye kampuni zenye matawi na hisa, karatasi moja ya kalenda haitoshi. Lakini alipoleta jaribio lake, alikuwa amekosa alama sita kwenye kodi iliyolipwa mbele. Alikuwa ameitoa juu na kuisahau chini, na mizania yake ilikuwa imepungukiwa na kiasi hichohicho. Alikuwa ameona ile tofauti na kuandika "akaunti ya muda" kuifunika. Tulipochora, aliona mshale mmoja unaning'inia bila pacha, akacheka.

Kalenda sasa imebandikwa nyuma ya mlango wa duka la anti, kando ya viatu vya watoto. Julai mosi tulianza karatasi mpya. Masanduku mekundu yote tuliyarudisha sifuri: mauzo, manunuzi, kodi, mlinzi, uchakavu. Yale ya bluu tuliyahamisha vile yalivyo, rafu 23,000, pesa 27,000, Gikomba 10,000, mtaji 65,000. Ile kodi ya 6,000 iliyokuwa bluu ikabadilika kuwa nyekundu, kwa sababu mwezi wake umefika. Viatu vya 14,000 vikawekwa juu kabisa, mwanzo wa hesabu mpya, buti zikiwa bado ndani. Mtu wa kwanza wa ploti alilipa 1,500 siku ya tatu, na anti alichora ule mshale mwenyewe: pesa juu, wanaodaiwa chini, mauzo hayajaguswa.

"Hii si mauzo," akaniambia kabla sijafungua mdomo. "Hii niliuza mwezi uliopita."